Vifaranga sasa wanasubiriwa wiki tano: niwaambieje wateja, na waagize lini?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni wakala wa vifaranga wa kuku wa nyama hapa Uyole, Mbeya. Zamani nikituma oda Dar mzigo ulifika ndani ya siku 12. Mwezi huu kampuni imesema wiki tano. Wateja wangu wengi wako Mbalizi, Tukuyu na Mafinga, na wengine wameshanilipa advansi. Naogopa nikiwaambia watanikimbia. Nimefikiria nitangaze kwamba kila mtu aagize mara mbili ya kawaida ili tusiishiwe. Au nikae kimya niwaambie tu wanaouliza? Na ratiba yao ya kuagiza ibadilikeje?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile la kuagiza mara mbili, kwa sababu ukilitangaza kesho itakuwa vigumu kulirudisha. Usilitangaze. Kilichobadilika ni urefu wa kusubiri. Ulaji wa nyama ya kuku Mbeya haujaongezeka, wala mabanda ya wateja wako hayajapanuka. Mfugaji mwenye banda la kuku 400 bado anahitaji 400. Ukimwambia aagize 800, mojawapo ya mambo mawili litatokea: atapokea 800 na kuwabana hadi waanze kuugua, au atachukua 400 na kukuachia wewe 400 ambao hawana mwenyewe. Kifaranga si saruji ya kuweka stoo. Anapototolewa anabaki na kiini cha yai tumboni ambacho kinamsukuma siku mbili, tatu hivi. Baada ya hapo anataka maji, chakula na joto, la sivyo anakufa mikononi mwako.

Kuna ubaya mwingine wa oda hewa. Mawakala wote wa kusini wakifanya hivyo, kampuni inaona daftari lake limejaa, inadhani soko limelipuka, na muda wa kusubiri unapanda kutoka wiki tano hadi nane kwa ajili ya vifaranga ambao hakuna anayewataka. Halafu siku ya mzigo watu hawapokei simu. Kwa hiyo neno la kumpa mteja ni moja: wahi tarehe, usiongeze idadi.

Sasa tuingie ndani ya hizo wiki tano, maana ukizielewa utajua cha kuwaambia wateja na cha kumuuliza anayekuuzia. Yai la kuku huchukua siku 21 kuwa kifaranga. Siku 18 za mwanzo linakaa kwenye mashine ya kuatamia, likigeuzwageuzwa. Kisha linahamishiwa kwenye mashine ya kuangulia kwa siku tatu za mwisho. Hakuna kampuni inayoweza kuzipunguza siku hizo, hata ungewalipa mara mbili. Ukiona zamani ulipata mzigo kwa siku 12, maana yake mayai yalikuwa yameshaingia mashineni kabla hujapiga simu. Kampuni ilikuwa inaatamisha kwa kubahatisha, ikiamini wanunuzi watatokea tu. Wewe ulikuwa unakuta treni imeshawashwa.

Siku hizi mayai hayatoshi, kwa hiyo kila trei lina mwenyewe kabla halijaingia mashineni. Wiki tano zako ni vipande viwili: wiki tatu za mashine, ambazo ni za uhakika, na wiki mbili za foleni, ambazo zinaweza kuwa moja leo na nne mwezi ujao. Kinachocheza ni foleni. Basi acha kuuliza kampuni "vifaranga wangu wanakuja lini?" Uliza "mayai yangu yanaingia mashineni tarehe ngapi?" Swali la kwanza utajibiwa kwa matumaini. La pili lina tarehe iliyoandikwa kwenye ratiba ya kituo cha kuangulia, na ukishaipata, ongeza siku 21 na hesabu imekwisha.

Utaniuliza foleni hii itadumu hadi lini. Inategemea chanzo chake, na inafaa umuulize mtu wa mauzo waziwazi. Kama ni mashine iliyoharibika au umeme uliosumbua, mambo yanaweza kutulia baada ya wiki chache. Kama ni upungufu wa kuku wazazi, jipange kwa muda mrefu. Kuku mzazi wa broila huletwa akiwa kifaranga na huanza kutaga akiwa na takriban wiki 24 au 25. Ongeza wiki tatu za mashine, na mayai yake ya mwanzo huwa madogo, hayatoi vifaranga wazuri. Kundi jipya la wazazi lililoingia bandani leo halitakupa kifaranga wa kuuza kabla ya nusu mwaka kupita. Ukijibiwa kwamba ni wazazi, usimwambie mteja "ni kwa muda tu".

Kuhusu kukaa kimya: wanaouliza ndio wasio na tatizo, kwa sababu kuuliza kwenyewe kunaonyesha wanapanga mapema. Atakayeumia ni yule ambaye haulizi kitu, anauza kuku wake wote Jumamosi, anaosha banda, kisha anakupigia akitarajia mzigo baada ya siku 12. Huyo ukimwambia wiki tano akiwa ameshika ufagio, ndipo atakukimbia kweli. Habari mbaya ikimfika mtu akiwa bado ana nafasi ya kufanya kitu, hulalamika kidogo kisha hupanga.

Tuchukue mfugaji mmoja tumfuate kwa tarehe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Tuseme yuko Mbalizi, banda la kuku 400. Vifaranga wake waliingia tarehe 4 Mei. Anawauza wakiwa na siku 35, yaani tarehe 8 Juni, halafu anatoa siku 14 za kuondoa maranda, kuosha, kupulizia dawa na kuliacha banda likauke. Kwa hiyo banda liko tayari tarehe 22 Juni. Mzunguko wake mzima, kutoka kifaranga hadi kifaranga, ni siku 49.

Kwa utaratibu wa zamani alikuwa anakupigia tarehe 10 Juni, siku mbili baada ya kuuza, na mzigo unafika tarehe 22 banda likiwa limekauka. Angalia kitu kilichojificha hapo: alikuwa anaagiza akiwa na fedha za mauzo mfukoni. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa tuseme wewe umepata taarifa tarehe 25 Mei na kumpigia siku hiyohiyo. Kuku wake wana siku 21. Kampuni inasema wiki tano. Wewe mwambie wiki tano hadi sita, kwa sababu foleni inacheza na hutaki kumpa ahadi ya upande wa bahati. Akiweka oda leo, vifaranga watafika kati ya tarehe 29 Juni na 6 Julai. Banda lake lilikuwa liwe tayari tarehe 22 Juni, kwa hiyo amechelewa wiki moja hadi mbili, na hakuna ujanja wa kuzirudisha. Mwambie hivyo bila kuzunguka.

Ila hasara hiyo ni ya mara moja, na hili ndilo wateja wako hawalijui. Chukua ule upande mbaya: vifaranga wameingia tarehe 6 Julai. Banda litakuwa tayari tena siku 49 baadaye, tarehe 24 Agosti. Rudi nyuma siku 42 kutoka hapo, unaangukia tarehe 13 Julai. Siku hiyo vifaranga wake watakuwa na siku saba. Akiweka oda ya awamu inayofuata siku hiyo, banda halitalala tupu tena. Oda inayofuata ataiweka tarehe 31 Agosti, yaani siku 49 baada ya ile ya Julai. Umeona? Anaagiza kila baada ya wiki saba kama zamani. Wala hajaongeza idadi ya oda. Amesogeza tu siku ya kuagiza, kutoka baada ya kuuza hadi wiki ya kwanza ya kulea.

Asiposogeza, akaendelea kuagiza siku mbili baada ya kuuza, kila mzunguko utakuwa siku 35 za kulea, siku mbili, na siku 42 za kusubiri, jumla 79. Kwa mwaka, aliyekuwa akitoa kuku mara saba atatoa mara nne, ya tano akiwa katikati. Hiyo ndiyo hasara inayomfukuza mtu kwenye kazi, na inatokana na tarehe ya simu tu.

Nimependa iangukie siku ya saba kwa sababu nyingine. Wafugaji wengi hutoa chanjo ya kwanza ya kideri siku hiyo. Mfugaji wa Tukuyu hatakumbuka "siku 42 kabla banda halijawa tayari", lakini siku ya chanjo anaijua, maana anakuja dukani kununua kichupa. Mwambie: siku ya chanjo ya kideri ndiyo siku ya oda. Na wewe ukimuuzia chanjo, muulize hapohapo awamu ijayo anataka wangapi. Akisahau, kamba yake ya mwisho ni siku ya 14, wakati wa chanjo ya Gumboro. Hapo bado atapata mzigo kwa wakati kampuni ikitimiza wiki tano kamili, lakini hana tena akiba ya wiki moja. Anayelea hadi wiki ya sita, kama wengi wa Mafinga wanavyofanya kuku wakichelewa kukua kwa baridi, mzunguko wake ni siku 56, na siku yake ya oda ndiyo hiyo ya 14. Hesabu ni ileile: siku za kulea, jumlisha siku za kusafisha, toa siku za kusubiri. Kinachobaki ndicho umri wa kuku siku ya kuagiza.

Usishawishike kumwongezea mteja akiba ya wiki tatu "ili tuwe salama". Mzigo ukiwahi kwa wiki moja banda likiwa limeoshwa na kupuliziwa, ataharakisha. Ukiwahi kwa wiki tatu, kuku wakubwa bado wamo ndani, na kuwaweka vifaranga banda moja na wakubwa ni kuwagawia magonjwa. Ndiyo maana nasema mpe wiki, usimpe siku, halafu uithibitishe kadiri mayai yanavyosogea.

Mawasiliano baada ya oda ni matatu, hayazidi. La kwanza ni siku anapoweka oda: unamwambia wiki. La pili ni siku mayai yanapoingia mashineni: sasa unamwambia tarehe, maana umebaki na siku 21 za uhakika. La tatu ni baada ya siku ya 18, mayai yakishahamishwa. Wakati huo kituo kimeshayapima kwa taa na kuondoa yasiyo na kitu, kwa hiyo wanaweza kukuambia idadi. Idadi ndiyo inayoleta ugomvi zaidi kuliko tarehe: uliagiza 2,000, wanakuambia 1,500.

Siku hiyo ya kukatwa oda uwe na sheria uliyokwisha kuitangaza. Mawakala wengi hupunguza kila mtu sawa, kila mmoja anakatwa robo, na inaonekana ni haki. Mimi siipendi. Mwenye banda la 400 akipewa 300 anachoma mkaa uleule na kulipa kijana yuleyule, halafu anakuomba umletee 100 waliobaki baada ya siku kumi, awachanganye. Usikubali hilo, kuku wa umri tofauti banda moja ni mwanzo wa vifo. Bora uwatimizie kwa mpangilio wa tarehe ya oda, aliyewahi apate wote, na wa mwisho wahamishiwe mzigo unaofuata wakiwa wa kwanza kwenye orodha. Kasoro yake ni kwamba mfugaji mdogo wa boksi moja la 100 akiwa mwisho hapati kabisa. Kama una wateja wengi wa namna hiyo, watengee maboksi yao kwanza, kwani boksi moja haligawanyiki kwa faida ya mtu yeyote.

Sasa namna ya kupasha habari. Chukua daftari la oda leo jioni uwagawe wateja kwa umri wa kuku walio bandani. Kundi la kwanza ni waliokwisha kulipa advansi kwa ahadi ya siku 12. Hao wapigie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote, na uwape chaguo la kusubiri au kurudishiwa fedha. Ulisema siku 12, na ahadi hiyo ni yako hata kama kosa ni la kampuni. Wengi watasubiri. Atakayetaka fedha yake mrudishie siku hiyohiyo kwa simu, usimzungushe, atarudi.

Kundi la pili ni wenye kuku waliozidi siku 14, ambao wameshachelewa kama yule wa Mbalizi. Nao wapigie, kwa sababu wana maamuzi ya kufanya na watakuwa na maswali. Kundi la tatu ni wenye vifaranga wadogo. Hawa hawajapoteza kitu, ujumbe unawatosha. Wengi wanatumia kitochi, kwa hiyo tuma ujumbe wa kawaida wa simu, usitegemee kundi la WhatsApp peke yake. Kwenye kundi mtu mmoja akiandika "vifaranga wameisha nchi nzima", unaanza kuzima moto badala ya kuandika oda. Ujumbe uwe na hali ilivyo, tarehe ya mteja huyo, na anachotakiwa kufanya. Kitu kama hiki:

"Habari za kazi. Vifaranga wa nyama sasa wanachukua wiki 5 hadi 6 tangu oda, si siku 12. Kuku wako wana siku 6. Banda litakuwa tayari tarehe 7 Julai. Ili usikae tupu, weka oda kufikia kesho, 26 Mei. Idadi ileile ya kawaida. Nikishajua mayai yameingia mashineni nitakupa tarehe kamili."

Humo hakuna "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza" wala "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu". Mfugaji akisoma maneno hayo anajua tu kwamba kuna mtu anajificha. Tarehe yake mwenyewe ndiyo inayomfanya ashike simu. Ndiyo, inabidi uandike ujumbe mmoja mmoja kwa kila mteja. Ukiwa na wateja 40 ni kazi ya jioni moja.

Nilisema nitarudi kwenye fedha. Huyu mfugaji zamani alinunua vifaranga kwa fedha ya mauzo. Sasa unamtaka aagize wakati kuku wana siku saba, fedha zote zimo kwenye chakula cha kuanzia, na mauzo yako wiki nne mbele. Ukidai malipo yote siku ya oda, wengi hawataweza, hata wakielewa hesabu yako vizuri. Watakuja tena baada ya kuuza, na tutakuwa tumerudi kwenye siku 79. Kwa hiyo ratiba mpya haitashika bila kubadili malipo pamoja nayo.

Ongea na kampuni kwanza ujue inadai nini na lini. Kama inakubali sehemu ya malipo siku ya oda na salio kabla ya kusafirisha, mpitishie mteja utaratibu huohuo: kiasi kidogo kinachouma vya kutosha ili asiagize kwa mawakala watatu kwa mpigo, na salio ukimpigia baada ya siku ya 18. Tazama tarehe zake kwa awamu ijayo: ataagiza 13 Julai, atauza 10 Agosti, na mzigo utafika wiki ya 24 Agosti. Salio litadaiwa akiwa ameshauza. Kilichobaki ni ile advansi ya siku ya saba, na hiyo inatakiwa itengwe kwenye mauzo ya awamu iliyotangulia. Siku ya kuuza, kabla ya kulipa deni la chakula na ada za shule, atenge fungu mbili: salio la vifaranga wanaokuja na advansi ya wale wa baada yao. Mwambie waziwazi, maana wengi hawajawahi kushika fedha ya awamu mbili kwa wakati mmoja.

Kama kampuni inadai yote mbele, una mawili: utoe mtaji wako kwa wateja unaowaamini, au uchukue oda chache zaidi za wenye uwezo. Mimi ningeanza na la pili. Ukikopa ili kulipia vifaranga wa watu kwa wiki tano, halafu mteja mmoja akapigwa na kideri, deni linabaki kwako. Na advansi za wateja ziwe kwenye namba ya simu au akaunti tofauti na fedha ya duka, kila moja ikiwa na risiti yenye tarehe, idadi, wiki uliyoahidi, na masharti ya kurudisha. Wiki tano ni muda mrefu. Fedha ya mtu ikilala na fedha ya duka, itanunua chakula cha kuku bila wewe kujua.

Waliochelewa watakuuliza wafanye nini na banda tupu. Wapo watakaokimbilia kwa muuzaji mwingine mwenye mzigo wa wiki hii. Si vibaya, na usimkataze mtu, ila mshauri aulize kwa nini huyu anao wakati wengine hawana. Pengine ana wazazi wake na amepanga vizuri. Pengine ni mayai yaliyokaa sana kabla ya kuatamishwa. Yakizidi wiki moja stoo, yanayoangua hupungua na vifaranga hutoka wanyonge. Mteja afungue boksi kabla ya kulipa: kitovu kiwe kimefunga na kukauka, macho maangavu, akilazwa chali ajigeuze upesi. Wengine watafikiria chotara. Ni kuku wazuri, lakini wanakaa bandani miezi, si wiki tano, kwa hiyo hawaingii kwenye ratiba niliyoieleza. Kwa wengi kusubiri hizo wiki mbili ndiyo njia ya gharama ndogo, na banda lililopumzika huwa na magonjwa machache.

Jambo moja la kwetu huku. Mzigo uliokuwa uingie Uyole tarehe 22 Juni sasa unaweza kuingia mwanzoni mwa Julai, na hiyo ndiyo baridi yenyewe, mahali palipo juu ya mita 1,700. Vifaranga watakuwa wamesafiri usiku kutoka Dar. Wateja wawashe majiko usiku huo, banda liwe na joto kabla ya boksi kufika, na waongeze bajeti ya mkaa. Ukimpa mtu tarehe mpya bila kumkumbusha hilo, vifo vya wiki ya kwanza atavihesabia kwako.

Na Krismasi usiisubiri ikufikie. Kuku wa kuuzwa tarehe 20 Desemba lazima waingie tarehe 15 Novemba, na oda yao, kwa wiki sita, ni tarehe 4 Oktoba. Foleni ya kipindi hicho huwa ndefu zaidi, kwa hiyo mwisho wa Septemba uwe umeshaandika majina.

Ukurasa wa nyuma wa daftari chora safu tatu: tarehe ya oda, tarehe uliyoahidiwa, tarehe mzigo ulipofika. Baada ya mizigo minne au mitano utaona kama wiki tano ni za kweli. Zikiwa zinafika wiki ya tano na ya sita, ratiba yako inakaa. Ukiona sita, saba, nane, foleni bado inakua, na itakubidi uwaambie wateja tena, siku ya oda isogee hata kabla vifaranga wa awamu iliyotangulia hawajaingia bandani. Zikirudi kuwa nne, nalo waambie haraka, la sivyo oda zilizowekwa mapema zitaanza kufika mabanda yakiwa na kuku.

Kuna mahali ambapo simu na ujumbe havitoshi. Kampuni ikikuambia mayai yameshaingia mashineni kisha ikabadili tarehe kwa wiki nzima, jua kwamba hayakuingia. Panda basi uende ukaonane nao uso kwa uso, na makubaliano yajayo yawe ya maandishi, hasa kama umeshikilia fedha za watu wengi. Kabla ya kusaini, mwonyeshe wakili. Na vifaranga wakianza kufa kwa wingi wiki ya kwanza, usibishane na mteja kwenye simu kama ni baridi au ni ugonjwa. Mwite afisa mifugo wa kata alione banda, na waliokufa karibuni, wakiwa wamepoozwa kwa barafu, wapelekwe kupimwa kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichoko Iringa. Majibu hayo ndiyo utakayoyapeleka kwa kampuni ukidai fidia.